Hotuba ya mkurugenzi mkuu: ziada imepanda, mikopo imechelewa, bonasi haipo

*Swali: Hamjambo. Mimi ni afisa wa mawasiliano katika chama cha akiba na mikopo hapa Kakamega, wafanyakazi 84, matawi matano. Mkurugenzi mkuu amenipa ripoti ya mwaka ya kurasa 96 nimwandikie hotuba ya robo saa kwa mkutano wa wafanyakazi wote, wiki tatu kabla ya mkutano mkuu wa mwaka. Matokeo si mabaya, lakini mikopo isiyolipwa imepanda na bonasi haitatoka. Mwaka jana watu walisinzia. Nianzie wapi?*

Anza na ofisi ya mhasibu mkuu, ripoti ukiwa umeiacha mezani kwako. Ripoti ya mwaka huandikwa kwa ajili ya wajumbe, mkaguzi na SASRA, mamlaka inayosimamia vyama kama chenu, ndiyo maana inafuata mpangilio wao: taarifa ya mwenyekiti, mizania, maelezo ya hesabu, kisha ukurasa wa changamoto huko mwishoni. Mwandishi anayefupisha sura moja baada ya nyingine hupata hotuba yenye mafanikio kumi, "hata hivyo" moja, na changamoto sita. Hapo kwenye mafanikio ndipo watu husinzia, kwa sababu wanajua "hata hivyo" iko njiani nao wanaingojea.

Mwombe mhasibu vitu viwili tu: jedwali la umri wa madeni, linaloonyesha mikopo iliyochelewa imechelewa siku ngapi, na mchanganuo wa mikopo hiyo hiyo kwa chanzo chake. Swali lako linaonyesha kwamba ziada, mikopo na bonasi ni habari moja, na karatasi hizo mbili ndizo zinazoifunga pamoja. Tuchukue tarakimu za mfano, halafu wewe uweke zenu.

Tuseme ziada kabla ya kodi imetoka milioni 88 hadi milioni 96. Mikopo yote iliyo mikononi mwa wanachama imetoka bilioni 1.9 hadi bilioni 2.1. Iliyochelewa zaidi ya siku 30 imetoka milioni 114 hadi milioni 189, yaani kutoka asilimia 6 ya mikopo yote hadi asilimia 9. Na bodi ilikuwa imeweka lengo la ziada ya milioni 110. Hotuba nzima ni kueleza zilikoenda zile milioni 14 zilizokosekana. Andika sentensi hiyo juu ya karatasi kabla ya kuandika kitu kingine: "Tumepata zaidi ya mwaka jana, lakini tungepata zaidi ya hapo kama mikopo iliyochelewa isingekula sehemu ya mapato." Aya isiyoisaidia sentensi hiyo haina nafasi, hata kama inahusu jengo jipya la tawi ambalo mwenyekiti analipenda.

Kabla ya kuendelea, tahadhari kuhusu asilimia, maana hapa ndipo hotuba nyingi huharibika mbele ya watu wa mikopo wanaojua hesabu. Kutoka asilimia 6 hadi 9 si "kupanda kwa asilimia 3". Ni kupanda kwa pointi tatu, na kwa uwiano ni nusu zaidi ya ilivyokuwa. Kwa shilingi, milioni 114 kuwa 189 ni ongezeko la karibu asilimia 66. Zote tatu ni kweli na kila moja inasikika tofauti. Mpe mkurugenzi moja tu, ile iliyo rahisi kuikamata kwa sikio: "Mwaka juzi, katika kila shilingi mia tulizokopesha, sita zilikuwa zimechelewa. Mwaka jana zilifika tisa." Basi.

Muulize mhasibu pia ni mikopo mingapi iliyopangwa upya ndani ya mwaka. Mkopo ukipangwa upya, siku za kuchelewa huweza kuanza kuhesabiwa upya, na tarakimu huweza kuonekana nzuri kuliko hali yenyewe. Maafisa wa mikopo wanaijua orodha hiyo kwa kichwa. Mkurugenzi akijisifu kwa tarakimu waliyoinyoosha wao wenyewe, hawatapinga ukumbini, ila watatazamana.

Sasa sehemu iliyo nzito, inayostahili dakika tano kati ya kumi na tano: kueleza kwa nini mkopo uliochelewa unakula ziada. Dereva, mlinzi na mhudumu wa kaunta ya FOSA, yaani huduma za kibenki za chama, hawana sababu ya kujua maana ya fungu la kufidia mikopo, na ukisema "tumeongeza fungu la kufidia hasara" umewapoteza. Wape mkopo mmoja. Kanuni za SASRA za mwaka 2010 zinapanga mikopo kwa siku ilizochelewa: ikipita siku 30 chama kinatenga asilimia 25 ya salio, ikipita siku 180 kinatenga asilimia 50, na ikipita siku 360 kinatenga salio lote. (Hesabu zilizochapishwa zinaweza kufuata kipimo cha viwango vya kimataifa vya uhasibu na kutoa jumla tofauti kidogo. Mhasibu akwambie iliyo kwenye ripoti, usije ukachanganya mbili.) Kwa lugha ya jukwaani inakuwa hivi:

"Chukueni mwanachama mmoja ambaye salio lake ni laki mbili. Akikosa kulipa mwezi mmoja ukapita, tunatoa elfu hamsini kwenye mapato yetu na kuziweka kando, tusizitumie, kwa hofu kwamba huenda hatalipa. Ikipita miezi sita, tunafikisha laki moja. Ikipita mwaka, tumeweka laki mbili nzima. Fedha hizo ni mapato ambayo ninyi mliyatafuta, na sasa yamekaa kuziba pengo. Siku akilipa, zinarudi."

Sentensi ya mwisho usiiache. Bila hiyo msikilizaji hudhani fedha zimeibwa, na swali la kwanza litakuwa nani alizichukua.

Kisha mpe mkurugenzi kipimo kimoja cha uzito. Mkopo wa laki mbili, riba ya asilimia 12 kwa mwaka inayohesabiwa kwenye salio linalopungua, unaolipwa kwa miezi 24, huingiza riba ya karibu shilingi elfu 26 kwa muda wote huo. Gawanya laki mbili kwa hiyo: unahitaji wanachama wanane wanaolipa vizuri kwa miaka miwili ili riba yao izibe mmoja aliyetoweka, na hapo hujawalipa wenye akiba wala mishahara. "Wanane wanabeba mmoja." Kila mtu ukumbini atatoka na hilo kichwani, na afisa wa mikopo atalikumbuka mbele ya fomu. Piga hesabu upya kwa riba na muda wa mikopo yenu. Katika chama kingine jibu linaweza kuwa sita au kumi.

Ukishaeleza jinsi inavyokula, eleza ilikotoka. Hapa kishawishi ni kuwatupia lawama walio nje. Tuseme katika zile milioni 189, milioni 74 ni za wanachama ambao waajiri wao wamekata mshahara lakini hawajaleta makato, milioni 61 ni za wakulima wa miwa, na milioni 54 ni mikopo ya muda mfupi ya FOSA. Rasimu ya kwanza itasema "waajiri wamechelewesha makato" na kuishia hapo. Ni kweli, ila ni milioni 74 tu. Zile 115 zilizobaki zilipita kwenye meza zetu, na ukumbi unajua.

Kwa waajiri, mkurugenzi aseme amefanya nini yeye, kwa kuwa mhudumu wa kaunta hawezi kumpigia simu mkuu wa hazina. Pia aseme wahudumu wamweleze nini mwalimu au muuguzi anayekuja na hati ya mshahara inayoonyesha amekatwa, wakati mfumo unaonyesha hajalipa. Hilo ni jambo la kazi ya kila siku, na huenda likawa ndilo wanalolihitaji zaidi katika hotuba yote. Mwajiri asitajwe kwa jina. Simu zitakuwa zinarekodi, na bado mnamdai huyo huyo.

Kwa miwa, eleza sababu kama ilivyo. Katika ukanda huu muwa huchukua takribani miezi 18 kukomaa, wakati mwingine zaidi. Chama kinachotoa mkopo wa kilimo wa miezi 12 kimemwomba mkulima alipe kabla shamba halijamlipa. Halafu kuna yasiyotabirika: Julai 2023 serikali ilisimamisha usagaji magharibi mwa Kenya kwa sababu miwa ilikuwa inavunwa michanga, na hata mkulima aliyepanga vizuri akabaki bila malipo kwa miezi. Mkurugenzi akitenganisha haya mawili, moja kosa la ratiba yetu na jingine pigo la msimu, anawafundisha watu kitu. Akiyachanganya kwa "hali ngumu ya uchumi", hajasema chochote. Nakushauri neno hilo "hali ngumu ya uchumi" ulifute kila linapojitokeza, na mahali pake uandike ni hali gani, kwa nani, tangu mwezi upi.

Kwa mikopo ya FOSA, omba tarakimu moja ya ziada: ni mingapi haikulipwa hata rejesho la kwanza? Mwanachama anayelipa miezi minane kisha akakwama amepatwa na jambo. Yule ambaye hajalipa hata mara moja, kwa kawaida mkopo wake haukustahili kutoka: hati ya mshahara haikuthibitishwa, au mdhamini alikuwa tayari amewadhamini wengine watano. Hilo linauma kusemwa, kwa hiyo litamkwe kwa nafsi ya kwanza wingi. Kiswahili kinatupa kichaka cha kujifichia, "mikopo iliidhinishwa bila uchunguzi wa kutosha", na wafanyakazi wanakijua kichaka hicho. Andika: "Tuliidhinisha mikopo hii haraka kuliko tulivyopaswa. Lengo la idadi ya mikopo tuliliweka sisi wakuu, na maafisa wakalifuata." Ikiwa ni kweli, bila shaka. Muulize mkurugenzi kabla ya kuandika. Sentensi hiyo ni yake kuikubali au kuikataa, na akiikataa usimwekee nyingine inayowaangushia maafisa mzigo wote.

Bonasi sasa. Waandishi wengi huiweka dakika ya kumi na tatu, baada ya shukrani, wakitumaini itapita. Haipiti. Kila aliyeketi pale amekuja kuisikia, na mpaka aisikie hasikii lingine. Iweke dakika ya pili, mara tu baada ya sentensi kuu, ili maelezo yote yanayofuata yawe jibu la "kwa nini". Iwe na mambo manne na isizidi sentensi tano: hakuna, nani aliamua, kwa kipimo gani, na kipimo hicho kitaangaliwa tena lini. Kwa mfano:

"Najua swali mlilokuja nalo, kwa hiyo nalijibu kwanza. Bonasi ya mwaka huu haitakuwapo. Bodi iliamua hivyo mwezi Februari kwa sera tuliyonayo: ziada ifike milioni 110 na mikopo iliyochelewa isizidi saba katika mia. Tumekosa vyote viwili. Tutaangalia tena hesabu za nusu mwaka mwezi Julai, na nitawaeleza tulipofika, hata kama hatujafika."

Angalia lisilokuwamo: "tunaelewa uchungu wenu", "bonasi kubwa ni imani ya wanachama wetu", na ahadi ya mwakani. Ahadi ya bonasi mbele ya watu 84 ni deni ambalo halimo kwenye mizania. Kama sera haina kipimo kilichoandikwa, mwambie mkurugenzi ukweli huo kabla ya siku ya mkutano, kwa kuwa ataulizwa.

Kuna mambo ambayo hayamo katika hotuba hii kwa sababu ya kalenda. Mkutano wenu uko wiki tatu kabla ya mkutano mkuu, na mkutano mkuu kisheria huwa ndani ya miezi minne tangu mwaka wa fedha kuisha. Kiwango cha mgao wa hisa na riba ya akiba, hadi siku hiyo, ni pendekezo la bodi; wajumbe ndio wanaoamua. Mkurugenzi akitaja asilimia asubuhi, jioni itakuwa kwenye makundi ya wotsapu ya wanachama kutoka Butere hadi Webuye, na wajumbe wakiipunguza kwa nusu pointi, wanachama watadai chama kimewapunja. Aseme tu: "Kiwango cha mgao kitatangazwa na wajumbe." Hakikisha pia hesabu unazotumia ni zilizokaguliwa na zimeshawasilishwa SASRA. Rasimu ya Januari na hesabu za mwisho hutofautiana mara nyingi, na hutofautiana hasa kwenye lile fungu la kufidia mikopo, kwa kuwa ndilo mkaguzi hulishika. Mfano wa mwanachama aliyelipa au aliyeshindwa usiwe na jina, kijiji wala shule anayofundisha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahusu taarifa zake hata ukumbini.

Mafanikio nayo? Chagua moja, lile lenye uhusiano na mikopo. Kama kuna tawi ambalo kiwango chake kilishuka wakati mengine yalipanda, hilo ndilo fanikio lenu la mwaka, hata kama ripoti imeliweka kwenye maelezo ya 23. Mpigie meneja wake simu umuulize walifanya nini hasa. Huenda walikuwa wanawapigia simu wadhamini siku ya saba badala ya kungoja siku ya thelathini na barua. Mdhamini anayejulishwa mapema humfuata mkopaji mwenyewe, kwa kuwa akiba yake ndiyo iliyoshikwa. Mkurugenzi akilieleza hilo kwa dakika mbili, matawi manne mengine yamepata maelekezo bila waraka. Muulize meneja kwanza kama anakubali kutajwa, na hesabu zake ziangaliwe kwa ile orodha ya mikopo iliyopangwa upya, isije ikawa tawi linasifiwa kwa mafanikio ya karatasi.

Kuhusu maandishi yenyewe. Robo saa si maneno 1,700. Mtu akisoma Kiswahili jukwaani bila kukimbia hupita maneno 100 hadi 110 kwa dakika, na lazima kuwe na pumziko baada ya kila tarakimu. Lenga 1,300. Itifaki imalizike kwa sentensi moja. Kwetu huku salamu za kumtambua kila aliyeketi mbele huweza kula dakika tatu, nazo ndizo dakika ambazo watu bado wako macho.

Tarakimu ziandikwe jinsi zitakavyotamkwa. "Elfu mia mbili na hamsini" mmoja atasikia 250,000 na mwingine 200,050. Andika "laki mbili na nusu". "Milioni mia moja themanini na tisa, laki nne na elfu kumi na mbili" iwe "karibu milioni 190". Tarakimu tano kwa hotuba yote zinatosha; zote nilizotumia kwenye mfano juu zimeshapita kiasi, kwa hiyo chuja. Chagua pia jina moja la kitu na ubaki nalo. Ukianza na "mikopo iliyochelewa", usihamie "mikopo chechefu" ukurasa wa tatu kwa ajili ya ladha, kwa sababu msikilizaji atadhani ni kitu cha pili. Na mzaha wa lugha ya mama uachwe kantini. Nusu ya ukumbi wenu huenda ni Waluhya, lakini mzaha wa Kibukusu humpita Mmaragoli, na Mjaluo wa tawi la mpakani hubaki anatabasamu kwa adabu.

Mpe mkurugenzi nakala ya herufi kubwa, ukubwa wa 16, kila ukurasa ukiishia kwenye nukta, ili asigeuze karatasi katikati ya tarakimu. Asome kwa sauti mara mbili mbele ya watu wawili: mhasibu mkuu, na mtu mmoja asiye wa fedha, kwa mfano dereva wa ofisi. Mhasibu atakamata hesabu. Dereva muulize swali moja baadaye: kwa nini bonasi haipo? Akijibu kwa kutaja mkopo wa laki mbili na wale wanane, hotuba iko tayari. Akijibu "uchumi mbaya", rudi kwenye ile sehemu ya dakika tano, kwani ndipo ilipolegea.

Maswali tenga dakika ishirini, zaidi ya hotuba yenyewe, na matatu yaandalie majibu kwa maandishi: je, wakuu wao walipata bonasi, je, kuna watakaopunguzwa kazi, na je, mikopo ya wafanyakazi wenyewe imo kwenye zile milioni 189. La tatu hutoka kwa mtu wa nyuma, kwa sauti ya chini, na mara nyingi ndilo ambalo hakuna aliyelifanyia hesabu. Mwombe mhasibu tarakimu hiyo leo.